Kwa Nini Kotonii Inakufa: Hotuba ya Dakika Mbili Darasani

(Picha ya kwanza ukutani.)

Mwalimu wetu na wanadarasa wenzangu, assalaamu alaykum. Kurasa mnazoziona nilizipiga picha kwa simu kwenye kongamano la sayansi ya bahari wiki iliyopita. Kitabu cha ikisiri, yaani mihtasari ya tafiti, kilikuwa kimoja tu pale mezani na watu walikuwa wakikigombania, kwa hiyo mtanisamehe kwa kivuli cha mkono wangu. Nimechagua ikisiri mbili, zote za kilimo cha mwani hapa Unguja.

Ya kwanza inahusu kufa kwa kotonii, aina mojawapo ya mwani tunaoulima. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, aina nyingine ya mwani, kwa sababu karajinani yake, yaani dutu ya kugandishia inayotolewa kwenye mwani, hugandisha jeli ngumu inayotakiwa na viwanda vya vyakula, lakini haistahimili maji ya moto. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mchana jua likiwa kali, shamba hubakiwa na maji haba yanayopata joto upesi, na hapo matawi hugeuka meupe, yakalainika na kukatika. Tazameni mstari wa sita, nilioukoleza rangi ya njano. Waandishi hawawatupii bakteria lawama zote. Wanaeleza kwamba joto, mwanga mkali na mabadiliko ya chumvi huudhoofisha mmea kwanza, ndipo bakteria wanapoushambulia. Sisi wengi, nami nikiwemo, tulikuwa tukiiita hali hii ugonjwa wa kuambukiza, basi.

(Picha ya pili.)

Ikisiri hii inapendekeza kuhamishia kotonii kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto halipandi na kushuka kwa ghafla, na kuipanda ndani ya wavu ulioshonwa mfano wa bomba ili mawimbi yasiikate. Mstari wa mwisho, wenye kiasi cha mavuno, umekatika kwenye picha, kwa hiyo sitausemea.

Hoja ya kibaiolojia naikubali. Ninachokitilia shaka ni mahali ambapo ikisiri imepita haraka mno. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, ambao huenda shambani kwa miguu maji yakitoka, wakiwa na vigingi, kamba na mbegu, na wengi wao hawajui kuogelea. Shamba likihamia kina kirefu litahitaji mashua, nahodha na mafunzo ya kuogelea, na gharama hizo hazikutajwa hata kwa sentensi moja, ingawa huenda zimo katika makala kamili, kwani ikisiri ni fupi kwa desturi yake.

Picha zote mbili nimezituma kwenye kundi letu la darasa. Anayetaka kunipinga kuhusu bakteria aanzie mstari wa sita. Nakaribisha maswali.