YAH: Uthibitisho wa Kufutwa kwa Akaunti Yako na Maelezo ya Taarifa Zinazobaki Kisheria

Arusha, 10 Februari 2026
Kumb. Na. HW/ARS/0417/2026

Bi. Neema,
Moshi, Kilimanjaro.

Pokea salamu kutoka Dawati la Huduma kwa Wateja.

Tulipokea ombi lako la tarehe 3 Februari 2026, ulilolituma kwa barua pepe na kulithibitisha kwa simu siku iliyofuata, ukitaka akaunti yako ya mikopo ifutwe pamoja na kila kitu kinachokuhusu. Napenda kukuthibitishia kwamba akaunti hiyo ilifutwa jana, tarehe 9 Februari 2026, baada ya kitengo cha marejesho kuhakiki kuwa mikopo yako yote minne imelipwa, ule wa mwisho ukiwa umekamilika tarehe 28 Novemba 2025, na kwamba hudaiwi riba, ada wala faini yoyote. Kuanzia jana hakuna anayeweza kuingia kwenye akaunti hiyo, wewe mwenyewe ukiwemo, na haiwezekani kuirejesha.

Uliandika kwamba uliwahi kuifuta programu kwenye simu yako mwezi Desemba ukadhani mambo yameisha, ndiyo maana ukashangaa kuendelea kupata ujumbe wa kukukaribisha ukope tena. Kuondoa programu kwenye simu hakuigusi akaunti, kwa kuwa akaunti ipo kwenye seva zetu na si kwenye simu. Wateja wengi hupitia hali hiyo, na kwa maoni yangu ni jambo ambalo programu yenyewe ingepaswa kulisema waziwazi pale mtu anapoiondoa. Nimeliwasilisha kwa wenzetu wa mifumo.

Vilivyofutwa ni nywila na namba yako ya siri, picha yako ya wasifu, picha za meza yako ya mitumba pale Kiborloni ulizopakia ulipoomba mkopo wa pili, kumbukumbu za mahali simu ilipokuwa wakati wa kujisajili, aina ya simu uliyotumia, makadirio ya mauzo yako ya kila wiki, na alama tulizokupa za uwezo wa kukopa. Jina na namba ya shemeji yako, uliyemtaja kama mtu wa kuwasiliana naye endapo hupatikani, navyo vimeondolewa. Yeye hakuwa mdhamini wala hakusaini mkataba, hivyo hatuna sababu ya kuendelea kuwa navyo. Kuhusu swali lako kama tulichukua majina yote yaliyomo kwenye simu yako, jibu ni hapana: programu yetu haiombi ruhusa hiyo, na namba pekee ya mtu mwingine tuliyokuwa nayo ni hiyo ya shemeji yako uliyoiandika mwenyewe. Nakala rudufu za mfumo hufutwa kwa mzunguko wa siku 90, kwa hiyo mabaki ya taarifa hizo yatakuwa yameondoka humo ifikapo tarehe 10 Mei 2026. Katika muda huo nakala hizo hazitumiki kwa lolote isipokuwa kurejesha mfumo endapo utaharibika, na ikitokea hivyo akaunti yako itafutwa upya.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo najua haitakufurahisha, kwa sababu uliandika kwamba hutaki hata jina lako libaki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kudai taarifa zako zifutwe, lakini haki hiyo haifuti wajibu ambao sheria nyingine zimetuwekea sisi kama mtoa huduma ndogo za fedha. Pale sheria inapotuamuru kutunza kumbukumbu, hatuwezi kuiharibu hata mteja akituomba kwa maandishi.

Wajibu mkubwa zaidi unatokana na sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu, Sura ya 423, inayotaka kumbukumbu za utambulisho wa mteja na za miamala yake zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 10. Kwa msingi huo tumebaki na jina lako kamili, namba na nakala ya Kitambulisho chako cha Taifa, namba ya simu uliyojisajili nayo, mikataba minne ya mikopo, na orodha ya fedha ulizopokea na kurejesha pamoja na tarehe zake. Tumeuhesabu muda huo kuanzia siku uhusiano wetu ulipokoma, yaani hadi tarehe 9 Februari 2036. Kubaki kwa taarifa hizi hakumaanishi kwamba unashukiwa kwa jambo lolote. Ni wajibu ule ule kwa kila mteja, awe amekopa shilingi elfu hamsini au milioni kumi.

Stakabadhi za riba na ada ulizolipa zinahitajika pia kwa ajili ya kodi, kwani Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, inatutaka tutunze nyaraka hizo kwa miaka 5 ili Mamlaka ya Mapato iweze kukagua hesabu zetu. Mawasiliano kuhusu rejesho lililokatwa mara mbili mwezi Agosti 2025, ambalo ulirudishiwa, tutayatunza kwa miaka 6, ambayo ndiyo muda wa kufungua shauri la mkataba mahakamani. Yanaweza kukulinda wewe kama yanavyoweza kutulinda sisi.

Taarifa zote hizi zimehamishiwa kwenye hifadhi iliyotengwa, ambayo wahudumu wa kawaida, mimi nikiwa mmoja wao, hatuwezi kuifungua. Anayeweza ni Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi na mkaguzi, kwa sababu iliyoandikwa. Hazitatumika kwa matangazo wala kwa kukupima tena. Namba yako ya simu, hata hivyo, imeingizwa pia kwenye orodha ya watu wasiotumiwa matangazo. Natambua kwamba inaonekana kama kinyume, kuitunza namba ili tusiitumie, lakini bila orodha hiyo mfumo usingejua ni nani wa kumruka.

Yapo mambo mawili yaliyo nje ya uwezo wetu. Historia ya mikopo yako ilikwisha kuwasilishwa kwenye mfumo wa taarifa za mikopo unaosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, na kufutwa kwa akaunti hakuiondoi huko. Inaonyesha mikopo minne iliyolipwa yote, jambo linaloweza kukusaidia ukienda benki. Kumbukumbu za malipo yaliyopita kwenye simu ziko kwa kampuni yako ya mtandao, nayo huzitunza kwa utaratibu wake.

Ukihitaji nakala ya taarifa tulizobaki nazo, andika barua ukitaja kumbukumbu namba iliyo hapo juu, uiwasilishe tawi la Moshi ukiwa na kitambulisho chako. Nakala hutolewa bila malipo. Usiporidhika na uamuzi huu unaweza kumwandikia Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi kupitia ofisi ya Arusha, na una haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mtu yeyote akikupigia akidai kwamba akaunti haijafutwa hadi ulipe ada au utaje namba ya siri, usimpe chochote na utujulishe, kwa sababu huduma hii haina malipo na hatutakupigia tena kuhusu ombi hili.

Wako katika huduma,

Elibariki
Mhudumu wa Wateja, Dawati la Maombi ya Taarifa
Ofisi ya Arusha

Nakala: Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi