Umetokaje? Majibu kuhusu mwanga na fremu

Dada, picha yako ya maombi ya kazi imefika, na umeniuliza umetokaje. Kuhusu sura sina neno, hiyo ni yako. Nitakuambia mwanga na fremu tu, maana hivyo ndivyo vya kurekebisha kabla hujatuma maombi ya kazi.

Kubwa ni mwanga. Umesimama barazani, jua la saa saba liko uani nyuma yako. Kamera imeupima ule ukuta mweupe wa nyuma na kupunguza mwanga wa picha nzima, ndiyo maana uso umeingia gizani na hata mtandio sijajua ni wa rangi gani. Ukigusa uso kwenye skrini na kupandisha alama ya jua, uso utaonekana, lakini ukuta utaungua uwe mweupe tupu. Bora ugeuke: ingia sebuleni, simama kama mita moja kutoka mlangoni, tazama nje. Jua lenyewe lisikuguse, unataka mwanga wake tu. Zima taa ya ndani, la sivyo upande mmoja wa uso utatoka wa njano na mwingine wa buluu.

Ukishasimama hapo, geuza mabega kidogo upande mmoja, uso urudi kwenye kamera. Shavu la ndani likizidi giza, mtu ashike shuka jeupe upande huo, karibu nawe lakini nje ya fremu. Angalia macho kwenye skrini: ukiona nukta nyeupe ndani ya kila jicho, mwanga umekaa. Usipoiona, inua kidevu kidogo au sogea mlangoni.

Sasa fremu. Hii umejipiga mwenyewe, mkono umenyooka, simu iko kama nusu mita. Kwa umbali huo pua iko karibu sana na lensi kuliko masikio, basi lazima ionekane kubwa kuliko ilivyo. Hilo ni la umbali, si la uso wako. Mpe mtu simu, asimame mita moja na nusu hadi mbili, atumie kamera ya nyuma kwenye 2x, simu iwe usawa wa macho yako. Afute lensi kwanza. Ule ukungu kwenye picha hii nahisi ni mafuta ya vidole.

Juu ya kichwa umeacha nafasi kubwa mno, karibu theluthi ya picha ni dari. Acha kama upana wa vidole vitatu, macho yakae theluthi ya juu, na chini akate katikati ya kifua. Ile nguzo inayoota kichwani itaondoka ukihama baraza.

Piga kumi hivi, kisha nitumie tatu kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana, na siwezi kujua kama macho yamekaa kwenye fokasi.