Yah: Ombi la kuongezewa muda wa mradi wa programu

Moshi, Jumatano

Mwalimu, shikamoo.

Jana usiku umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta mpakato yangu haikuwaka tena. Fundi wa Mbuyuni ameifungua mbele yangu: ubao mkuu umeungua, una doa jeusi pembeni mwa tundu la chaji. Diski ni nzima.

Mradi wangu wa Java, mfumo wa kupokea kahawa ya wakulima, ulibakiza ripoti na majaribio. Mara ya mwisho nilifanya `git push` Jumapili, kwa hiyo kazi ya siku mbili imekwama humo. Ulituelekeza tuitume kila jioni. Hapo nimekosea, naomba radhi.

Naomba niwasilishe Jumatatu badala ya Ijumaa hii. Nitamalizia kwenye maabara ya chuo. Nimeambatanisha risiti ya fundi.

Wako mtiifu,
Neema, mwaka wa pili