Barua ya shukrani kwa jamaa yetu ya Parma

Bukavu, tarehe 3 Desemba 2024

Wapendwa Papa Giorgio na Mama Luisa,
Mpendwa Nyanya Teresa,
Wapendwa Marta na Pietro,

Nawasalimu kwa heshima na kwa upendo mwingi. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba mguu wa Nyanya umepata nafuu tangu nilipoondoka. Sisi huku tuko salama, Mungu anatulinda. Nilifika vizuri: kutoka Milano hadi Adisi Ababa, kisha Kigali, na toka Kigali nikapanda basi mpaka Ruzizi. Mdogo wangu alikuwa ananingojea mpakani pamoja na Amani, ambaye hakunisalimu kwanza, alitazama mzigo.

Nyanya aliniagiza niandike kwa lugha yangu, si kwa Kifaransa, akasema Padre atakuja Dominika kuwasomea mezani. Basi nimetii. Padre, samahani kwa kazi hii ninayokupa juu ya chakula. Najua miaka uliyokaa Uvira haijakutoka mdomoni, maana siku ile uliponiamkia "Jambo, mama, habari ya Bushi?" nilidhani nasikia mtu wa Kadutu.

Neno la kwanza ni aksanti. Aksanti kwa kitanda, kwa chakula, kwa koti zito la Marta ambalo lilinisindikiza kila asubuhi katika ukungu ule. Sisi wa Bukavu tunajisifu kwamba tunajua baridi kwa sababu mji wetu uko juu kwenye milima. Sasa nimenyamaza.

Lakini kuna jambo ninalotaka kuwashukuru kuliko yote hayo, nalo ni kwamba hamkuniweka kama mgeni. Wazee wetu wanasema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi hamkungoja hata hiyo ya tatu. Nyanya alinifunga aproni kiunoni bila kuniuliza, akaniketisha mbele ya unga, akanionyesha namna ya kukunja anolini. Yeye hajui Kifaransa, mimi sijui Kiitaliano, na kazi ilikwenda. Nilipokata unga mnene mno alinigonga vidole kidogo kwa kijiko, kama mama yangu mzazi angefanya. Mama Luisa alishtuka akaniomba radhi. Mama, usijali kabisa. Siku hiyo ndiyo nililala nikiwa na amani, kwa sababu hapa kwetu mgeni hagongwi vidole. Anayegongwa ni mtoto wa nyumba.

Papa Giorgio, kwako nina deni la pekee. Mafunzo ya kutengeneza jibini niliyojia yalikuwa mazuri, walimu walitueleza yote kwa picha ukutani. Ila kuona ni kwako nilikoona. Uliniamsha kabla ya mapambazuko twende kiwandani, na hapo nikayatazama maziwa ya jioni yaliyolala usiku kucha, malai yakienguliwa juu, kisha kuchanganywa na maziwa ya asubuhi ndani ya masufuria makubwa ya shaba. Niliona mtu akivunjavunja maziwa yaliyoganda hadi yawe punje ndogo kama za mchele, halafu wawili wakiinua donge lile zito kwa kitambaa na kulikata pande mbili, mapacha. Litri zipatazo 550 kwa gurudumu moja la kilo 40 hivi! Nilipowaeleza akina mama wa ushirika wetu kule Walungu, mmoja aliuliza kama ng'ombe za huko zina viwele sita. Ng'ombe zetu zinatoa litri chache tu kwa siku, na nyingi kati ya hizo tunazigeuza kuwa mashanza, maziwa yetu ya mgando, na kuziuza sokoni kabla jua halijawa kali.

Halafu ile ghala. Rafu zimepanda hadi darini, jibini zimepangwa kama vitabu, na yule mzee mwenye nyundo ndogo akizunguka kuzipima baada ya kukaa miezi 12. Anagonga, anasikiliza, anageuza, anagonga tena. Ukamwomba anipe nyundo. Moja ililia sawasawa kila mahali. Nyingine, upande mmoja, sauti ilikuwa imezama, na mzee akatikisa kichwa: ndani kuna ufa. Papa, mimi nimekuwa nikipima jibini kwa kidole na kwa pua tu. Tangu nirudi nimejitengenezea kanyundo ka mti. Jibini zetu ni ndogo na changa, kwa hiyo hakajaniambia kitu cha maana bado, lakini akina mama wameshaniita Daktari.

Marta, aksanti kwa kunitembeza mjini. Nitakumbuka sana ile Nyumba ya Ubatizo ya mawe ya waridi, iliyoanza kujengwa mwaka 1196, na hasa zile sanamu za miezi ya mwaka pamoja na kazi za shamba. Niliposimama mbele yao nilijisikia nyumbani. Waliochongwa pale ni wakulima kama sisi. Aksanti pia kwa kunipeleka kwenye kaburi la Mtakatifu Gwido Maria Konforti. Wamisionari wake wa Zaverio walifika kwetu Kivu mwaka 1958, na mama yangu alibatizwa na mmoja wao. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama hapo hapo. Hakusema kitu kwa muda, halafu akaniuliza kama nimevaa vizuri.

Pietro, skafu yako ya njano na buluu haijavuliwa shingoni mwa Amani, hata kukiwa na jua. Amewatangazia watoto wote wa mtaani kwamba Parma imerudi daraja la kwanza mwaka huu, na kila Jumapili usiku ananiuliza matokeo. Wakishindwa tena, tafadhali uniandikie mapema nijiandae.

Mama Luisa, nimekuacha mwisho kwa makusudi. Usiku ule Amani alipopata malaria, na mimi nikiwa mbali hivyo, ulishuka jikoni ukanikuta nimeshika simu. Hukuniuliza mengi. Ulichemsha maji, ukaketi upande wangu na shali yako mabegani, tukakaa hadi mdogo wangu alipotuma ujumbe kwamba homa imeshuka. Asubuhi ulikwenda kazini bila kulala. Jambo hilo nimelieleza kwetu, na mama yangu ameniagiza nikuambie hivi: kuanzia sasa Amani ana nyanya wawili, na wewe huna ruhusa ya kukataa.

Nimewapelekea kifurushi kidogo mkononi mwa masista watakaosafiri kwenda Parma kabla ya Noeli. Ndani kuna kitenge cha Nyanya, cha Mama Luisa na cha Marta, vya rangi tofauti ili wasigombane, na kahawa ya Idjwi, kisiwa chetu katika ziwa Kivu. Imekwisha kukaangwa ila haijasagwa. Papa Giorgio, najua ulivyo na msimamo juu ya kahawa, hivyo sitakuelekeza kitu. Onja kwanza bila sukari, halafu unijibu ukweli.

Siku mkifika Bukavu, chumba kipo. Tutawapikia sambaza na sombe, na Nyanya atapewa mwiko asonge bugali mwenyewe. Nitakuwa karibu na kijiko changu.

Mungu awabariki na awalinde. Nawatakia Noeli njema na mwaka mpya wa heri.

Wenu katika upendo na heshima,

Furaha, Mama Amani