Muhtasari wa somo la Biblia la jumuiya, Alhamisi 18 Septemba 2025: wakili dhalimu (Luka 16:1-13)

Tumsifu Yesu Kristo.

Huu ni muhtasari kwa wanajumuiya ambao hawakufika juzi, na kwa waliofika ila wakawahi kuondoka kabla mjadala haujapamba moto. Nimeuandika kutoka kwenye rekodi ya simu, yenye saa moja na dakika kama ishirini. Dakika za mwanzo hazisikiki vizuri kwa sababu ya spika ya duka la jirani, lakini hapo tulikuwa bado kwenye sala na matangazo. Majina nimeyaacha kwa makusudi. Wapo waliotaja madeni yao, na hayo yabaki pale barazani. Namtaja katekista na mhazini tu, kwa kuwa kila mtu anawajua.

Masomo yaliyosomwa

Tulisoma masomo ya Jumapili hii, Dominika ya 25 ya Mwaka C. Injili ni Luka 16:1-13, na somo la kwanza ni Amosi 8:4-7. Waraka kwa Timotheo ulisomwa ila haukujadiliwa, muda uliisha. Katika mazungumzo yaliibuka pia Kumbukumbu la Torati 23:19-20 kuhusu riba, Zakayo (Luka 19:8) na mwana mpotevu wa sura ya 15.

Kwa Amosi hatukukaa sana, ila palikuwa na jambo la kushika. Nabii anawakemea wafanyabiashara wanaosubiri sabato ipite wauze nafaka, huku wamepunguza kipimo, wameongeza bei na kuchezea mizani. Kaka mmoja anayeleta viazi kutoka Mbeya alicheka akasema sisi tumeigeuza: kwa Amosi muuzaji anapunguza kipimo, kwetu mnunuzi anakikuza. Gunia linashonewa kilemba, lumbesa, na mkulima analipwa gunia moja. Anayeumia ni yuleyule. Katekista akasema hilo ndilo la kwenda nalo kwenye Injili: hasira ya Mungu hapa imeanzia kwenye kipimo cha sokoni.

Tafsiri zilizotolewa

Kisa chenyewe kwa ufupi. Wakili wa tajiri anashitakiwa kwamba anatapanya mali, anaambiwa atoe hesabu, kazi imeisha. Anajisemea, "Kulima siwezi, kuomba natahayari." Anawaita wadeni wa bwana wake: wa mafuta vipimo mia anaandikiwa hamsini, wa ngano makanda mia anaandikiwa themanini. Kisha bwana anamsifu! Hapo ndipo watu walipoguna, kwenye rekodi inasikika.

Tafsiri ya kwanza, ambayo wengi waliikubali, ilitolewa na katekista: kinachosifiwa ni akili ya kuona kesho, wizi hausifiwi. Yesu mwenyewe bado anamwita dhalimu. Alitukumbusha kuwa Luka hutumia mara nyingine mfano wa mtu mbaya kutufundisha jambo jema, kama kadhi asiyemcha Mungu katika sura ya 18, na hakuna anayesema Mungu ni kama kadhi yule kwa tabia.

Tafsiri ya pili pia aliileta katekista, kutoka kwa wafafanuzi wa Biblia: huenda alichokifuta wakili ni riba au fungu lake mwenyewe, lililokuwa limefichwa ndani ya deni. Torati ilimkataza Mwisraeli kumtoza ndugu yake riba, kwa hiyo hati ingeandika jumla tu, bila neno riba. Kwa njia hiyo wakili hakumwibia bwana wake, alirudisha kilichokuwa haramu tangu mwanzo. Mama mmoja alishika hapo kwa nguvu (dakika ya 41). Alisema mkopo wa kausha damu unafanya hivyohivyo: unasaini karatasi yenye tarakimu moja, na ulichopokea mkononi ni pungufu yake. Maelezo yake yalisaidia kuliko ufafanuzi wowote. Hata hivyo, naona tusiisimamie tafsiri hii kupita kiasi. Luka hataji riba popote katika kisa, na katekista mwenyewe alisema hivyo.

Mhazini ndiye aliyetuamsha. Alisema tutazame nani anashika kalamu. Wakili haandiki yeye, anamwambia mdeni, "Twaa hati yako, keti upesi, andika hamsini." Maana yake mwandiko ni wa mdeni. Kesho bwana akiuliza, wadeni nao wamo. "Huyu hakuwafanyia hisani," alisema, "amewafunga." Na kwanini upesi? Kwa sababu habari ya kufukuzwa bado haijafika mtaani. Wanadhani bado ana mamlaka. Baada ya hapo mtu akauliza kama urafiki wa namna hiyo ni urafiki, na pakawa kimya kidogo.

Mzee wetu mmoja aliunganisha na mwana mpotevu. Wote wawili wametapanya mali isiyotokana na jasho lao, wote wamebanwa, wote wanajisemea moyoni kabla ya kuchukua hatua. Tofauti ni kwamba kijana anarudi kwa baba na wakili anakimbilia kwa wadeni. Nilitamani aendelee, lakini alikatizwa na simu yake mwenyewe.

Maswali yaliyobaki wazi

Swali lililochukua muda mrefu zaidi liliulizwa na mhazini, na si la nadharia. Mjane amechelewesha marejesho ya Vikoba, faini imepanda. Mhazini akifuta faini ile bila kupeleka kikaoni, amefuata Injili au ameiba? Nusu walisema pesa ni ya wanachama, huruma hutolewa kwa mali yako. Wengine wakajibu kwamba wakili naye aligawa mali isiyo yake na akasifiwa. Dada mmoja akasema basi huruma ipelekwe kikaoni, ipigiwe kura. Akajibiwa kwamba mjane atakuwa ameshaanikwa mbele ya watu wote. Hatukufika popote, na sitajifanya tulifika.

La pili: "bwana" wa aya ya 8 ni nani, yule tajiri au Yesu? Ikiwa ni tajiri, kwanini amsifu aliyempotezea nusu ya mafuta, wakati deni zima lilikuwa zaidi ya lita elfu mbili? Paroko ataulizwa.

La tatu, sadaka. Aya ya 9 inasema tujifanyie rafiki kwa mali ya udhalimu. Je, mkopeshaji wa kausha damu akichangia ujenzi wa kigango, tupokee? Wapo waliosema Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na nusu ya mali kuwapa maskini. Mwingine alisema tukianza kuchambua bahasha hatutamaliza kujenga. Lilikuwa jibu la utani, lakini hakuna aliyelijibu.

La nne liliulizwa watu wakiwa wameshasimama: kama hatuwezi kutumikia Mungu na mali, mbona tumeambiwa kwanza tuwe waaminifu katika mali?

Alhamisi ijayo tunasoma tajiri na Lazaro, Luka 16:19-31, pamoja na Amosi 6. Tunakutana saa 11:30 jioni kwa familia iliyojitolea Jumapili iliyopita. Katekista atakuja na majibu ya paroko kuhusu aya ya 8. Mhazini ameomba katiba ya Vikoba iletwe, ukurasa wa faini. Kama nimemnukuu mtu vibaya, aniambie kabla ya Misa ya Jumapili. Rekodi bado ninayo.

Katibu wa jumuiya, Kimara