Wiki 6 za kujifunza upimaji wa programu (muda wa saa 2 kila usiku, Jumapili napumzika)

Wiki ya 1: Silabasi ya cheti cha upimaji cha ISTQB Foundation Level 4.0, inapakuliwa bure. Nasoma tu, ada ya mtihani sina.

Wiki ya 2 na 3: Hapa ndipo penye kazi. Naandika majaribio ya fomu ya kutuma pesa. Kiwango kikiwa 1,000 hadi 50,000, najaribu 999, 1,000, 50,000, 50,001, herufi, na kuacha wazi. Kila kasoro: hatua, nilichotarajia, kilichotokea, picha ya skrini. Ripoti 10, zisipungue.

Wiki ya 4: SQL ya kuvuta data kwenye hifadhidata, hasa `JOIN` ya kuunganisha majedwali. Shahada yangu ya takwimu itanibeba.

Wiki ya 5: Postman ya kujaribu API: `GET`, `POST`, majibu ya seva 200, 404, 500.

Wiki ya 6: Playwright ya kuendesha majaribio yenyewe kwenye kivinjari, jaribio moja la kuingia kwenye akaunti. Likigoma, naliacha. Ripoti zipande GitHub, maombi 5 ya kazi yatumwe Ijumaa.