Wasifu Mfupi wa Euphrase Kezilahabi: Maisha Yake Ndani ya Kazi Zake

Mradi wa Fasihi, Kidato cha Tano

Euphrase Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Jina la kijiji hicho ni muhimu kwa anayesoma riwaya zake, kwa sababu Rosa, mhusika mkuu wa riwaya yake ya kwanza, naye ni binti wa Namagondo. Mwandishi alianza na watu aliowajua.

Alisoma Ukerewe, kisha akavuka maji kwenda seminari ya Nyegezi, Mwanza, na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Safari hii ya kutoka kisiwani, kupitia malezi ya Kanisa, hadi chuo kikuu ndiyo ninayoona imebeba dhamira yake kubwa: msomi anayeondoka kwao, na akirudi anakuta hana tena pa kusimama.

*Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa na umri wa miaka 27 hivi. Zakaria, baba mlevi na mkali, anamchunga Rosa kwa fimbo bila kumweleza chochote kuhusu mapenzi. Binti anapofika chuo cha ualimu na kuwa huru, hana silaha ya kujilindia. Wengi waliisoma kama hadithi ya msichana aliyepotoka, na riwaya ikapigwa marufuku shuleni. Mimi naisoma kama mashtaka dhidi ya malezi ya vitisho. Baadaye marufuku iliondolewa, riwaya ikawa kitabu cha kiada.

*Kichwamaji* (1974) inaonyesha wazi zaidi alama za seminari na chuo kikuu. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani likizo. Imani ya wazazi wake haimtoshi, mafundisho ya dini hayamtoshi, na elimu ya kizungu imemwachia maswali tu: Je, maisha yana maana? Mungu yupo? Anayeuliza hivyo ni mtu aliyefundishwa majibu tangu utotoni, kisha akafika mahali ambapo kila jibu linahojiwa. Manase, msomi mwenzake mwenye cheo, anamharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Kwa hiyo elimu katika riwaya hii haimwokoi mtu. Wakati mwingine inampa nguvu ya kuwaumiza wengine.

Mwaka huohuo alichapisha *Kichomi*, diwani ya mashairi huru. Hapa palizuka ugomvi mkubwa, maana wanamapokeo walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Kezilahabi hakuvunja kanuni kwa kutokujua. Alifundisha fasihi chuo kikuu, na utafiti wake wa shahada ya uzamili ulihusu riwaya za Shaaban Robert. Aliyemsoma kwa makini mwandishi mkubwa wa mapokeo ndiye aliyetafuta njia nyingine.

Nyakati za Ujamaa zilimpa mada ya pili. Mwishoni mwa mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima, Said Mwamwindi. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), Tumaini, mkulima tajiri, naye anamuua kiongozi wa serikali mashamba yake yanapotaka kuchukuliwa. Ni vigumu kusoma sehemu hiyo bila kukumbuka Iringa. *Gamba la Nyoka* (1979) inahamia kwenye uanzishaji wa vijiji vya Ujamaa, ambapo wanakijiji wanapinga kuhamishwa na wasomi vijana wanatumwa kuwaelekeza. Msomi wa Kezilahabi anarudi kijijini tena, safari hii akiwa na mamlaka. Tamthilia yake *Kaptula la Marx*, inayoukejeli utawala wa wakati huo, aliiandika miaka ya 1970 lakini ilichapishwa mwaka 1999.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akiandika juu ya falsafa ya Kiafrika na tafsiri ya fasihi. Kazi zilizofuata, *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), ni fupi na ngumu. Hazina tena kijiji unachoweza kukitafuta kwenye ramani. Msafiri anatafuta ukweli katika ulimwengu wa ndoto, visasili na vifo. Wapo wanaoona aliwaacha wasomaji wake. Mimi naona maswali ni yaleyale ya Kazimoto, ila sasa muulizaji amesoma zaidi na haamini tena kwamba hadithi ya kawaida inaweza kuyabeba.

Diwani zake nyingine ni *Karibu Ndani* (1988) na *Dhifa* (2008). Miaka yake ya baadaye ya ualimu aliitumia katika Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki dunia Januari 2020.